Homoni ya mimba inapanda polepole

"Nina wiki sita, natokwa na damu kidogo na tumbo linauma upande mmoja. Homoni ya mimba, hCG, ilikuwa 900, baada ya siku mbili 1,050. Nisubiri?"

Pole dada, usisubiri nyumbani, nenda hospitali leo. Kutoka 900, mimba iliyo salama kwa kawaida ingefika kama 1,340 au zaidi baada ya saa 48. Yako inajikokota: huenda imetunga kwenye mrija wa uzazi, nje ya kizazi, au inaharibika. Namba peke yake haitofautishi, ndiyo maana unahitaji altrasaundi ya kupitia ukeni. Ile ya juu ya tumbo hukosa mengi mapema hivi.

Ikiwa iko mrijani, haijapasuka na haina mapigo ya moyo, sindano ya methotreksati, dawa inayosimamisha ukuaji wa mimba, inaweza kutosha, mradi urudi kupima damu siku ya 4 na ya 7. Ukizimia au ncha ya bega ikiuma, huenda damu inavujia tumboni. Hapo ni upasuaji, hata kama ni usiku wa manane.