Shati la kitani lipigwe pasi likiwa bado bichi

Swali la wiki: "Nilinunua shati la kitani kwa kuambiwa linafaa joto la Dar. Nikishuka tu kwenye daladala limekunjamana kama nimelala nalo. Kitambaa ni kibovu, au sijui kulifua na kulipiga pasi? Na kweli linafaa joto?"

Kitambaa chako si kibovu, ndugu yangu. Kitani hukunjamana, na shati linalouzwa kwa jina la kitani halafu likakaa limenyooka siku nzima ndilo la kutiliwa shaka. Ukitaka uhakika, chomoa nyuzi mbili kwenye upindo wa ndani, mmoja wa wima na mmoja wa mlalo, kwa sababu vitambaa vingine huchanganywa upande mmoja tu. Zichome kwa kiberiti. Uzi wa kitani huungua kama karatasi na kuacha majivu laini, ila pamba nayo huungua hivyo hivyo. Kinachoumbuka hapo ni poliesta: huyeyuka, ikajikunja na kuacha kidonge kigumu.

Kitani hutokana na shina la mmea. Nyuzi za shina zina nguvu, lakini hazivutiki. Ukiuvuta uzi wa sufu hurefuka sana kabla ya kukatika, kisha ukiuachia unarudi. Wa kitani hurefuka asilimia chache tu, basi. Ukiukunja, hauna nguvu ya kujirudisha. Jasho nalo huongeza. Nyuzi za mimea zimejengwa kwa selulosi; unyevu hulegeza selulosi hiyo iliyoshikana ndani ya uzi, na uzi ukikauka selulosi hushikana upya katika umbo lolote lililokuwapo wakati huo. Mgongo wako kwenye kiti cha daladala una jasho, joto na uzito kwa pamoja. Hapo shati limepigwa pasi, ila kwa umbo usilolitaka.

Ndiyo maana kitani kikavu kinawashinda wengi. Wanaliacha shati kwenye kamba mpaka linakakamaa, halafu wanapambana nalo kwa pasi huku mikunjo imekwisha kujishika. Lianue mapema, wakati mshono wa kola na wa mabega bado una ubaridi ukiugusa, ulipige pasi hapo hapo. Umeme ukikatika, au ukiwa na haraka, likunje bichi vilevile ulitie kwenye mfuko wa plastiki, uliweke ndani ya friji ulipige pasi kesho yake. Usilipitishe siku hapo, litaota ukungu. Likishakauka, linyunyizie maji, liviringishe, liache kama nusu saa unyevu usambae.

Pasi iwe ya moto wa juu kabisa, ile alama ya nukta tatu. Anza na kola kwa upande wa ndani, kutoka kwenye ncha kwenda katikati, ili kitambaa kinachozidi kisijikusanye nchani. Fuata mabega, mikono, kisha mwili. Shati la rangi nzito ligeuze nje ndani, maana pasi ya moto huacha mng'ao usiotoka. Endelea mpaka sehemu unayoipiga ikauke kabisa, na ukimaliza litundike dakika kadhaa kabla ya kulivaa. Hapa ndipo watu wengi wanakosea: shati likivaliwa na uvuguvugu wa pasi pamoja na unyevu kidogo, linajikunja upya ndani ya dakika chache. Usilikandamize mkunjo mkali mahali pale pale kila mara, hasa kwenye kola, kwa sababu nyuzi hukatika hapo na kola huanza kupasuka wakati shati lingine lote ni zima.

Kufua hakuna mengi. Tumia maji ya baridi au ya uvuguvugu, sabuni laini, na usitie dawa ya klorini. Usilikamue kwa kulisokota. Likung'ute kwa nguvu, ulitundike kwenye hanga, unyooshe kola na mishono kwa mkono. Jipya huweza kunywea kwenye fuo la kwanza, kwa hiyo usinunue linalokubana.

Kwa joto linafaa, na nalisema bila kusita. Kitani hunywa jasho jingi kabla hujahisi limelowa, huliachia upesi, na ugumu wake hulifanya lisigandamane na ngozi, hewa ikapita. Lakini linategemea hewa hiyo. Pwani mwezi wa Februari au Machi, ndani ya chumba kisicho na upepo, hewa imeshajaa unyevu na jasho halina pa kwenda. Hapo hata kitani hulowa. Chagua lililo pana, ulishike kwenye mwanga uone kama nyuzi zimeachana kidogo. Lile zito lililofumwa kwa kubanana litakuchosha kuliko pamba nyepesi. Na kwa siku ya mkutano wa mchana, lile la kitani kilichochanganywa na pamba hukunjamana kwa upole zaidi na bado linapitisha hewa.