Printa haitumi skani, nenosiri ni lilelile

"Wakuu, printa ya ofisi hapa Moshi imegoma kutuma skani kwa barua pepe. Nenosiri hatujabadilisha. Shida nini?"

Mkuu, soma ripoti ya hitilafu kwenye printa. Ukikuta `535 5.7.139` na `basic authentication is disabled`, basi Microsoft 365 haipokei tena nenosiri lililohifadhiwa, na kuliandika upya ni kujichosha bure. Kama printa haina OAuth, yaani njia mpya ya kuthibitisha akaunti bila kuhifadhi nenosiri, hata baada ya kusasishwa, tumia njia isiyodai nenosiri: kwenye seva ya SMTP weka anwani ya MX yenu, ile inayopokea barua pepe za ofisi, mfano `ofisi-co-tz.mail.protection.outlook.com`, poti 25, kisha zima uthibitishaji. Skani zitawafikia wafanyakazi tu, siyo Gmail ya mteja. Omba watoa intaneti wenu IP isiyobadilika, uiongeze kwenye rekodi ya SPF, orodha ya wanaoruhusiwa kutuma barua pepe kwa jina la ofisi, la sivyo zitaangukia kwenye taka. Printa isipounganisha kabisa, waulize pia kama wamefunga poti 25.