Usitume hela kabla hujaona kava na bodi kwenye picha moja

Jumanne usiku nilikuwa nafunga banda langu la gemu hapa Mwanjelwa, ujumbe ukaingia kutoka kwa kijana wa Njombe anayesoma maandishi yangu. "Shikamoo kaka. Kuna jamaa anauza pedi ya PS4 elfu sabini, anasema orijino kabisa, mpaka picha ya ndani ametuma. Nimtumie hela?" Chini yake kulikuwa na picha tano.

Nilimjibu neno moja: subiri. Nikakaa kwenye kiti cha wateja na baridi yote ile ya Mbeya, nikaanza kuzikuza picha zile moja moja. Kwa nini nililala saa saba kwa sababu ya pedi ya mtu nisiyemjua? Kwa sababu ya pedi sita nilizonunua mimi mwezi wa Juni mwaka juzi. Bado zinaniuma.

Nilikuwa ndiyo kwanza nimeongeza runinga ya tatu bandani. Muuzaji mmoja wa Dar es Salaam nilimpata kwa simu, akanipa bei ya elfu arobaini na tano kila pedi. Pedi sita ni laki mbili na sabini. Hela ile ilikuwa ya kodi ya banda ya miezi mitatu, na mama watoto alijua imeshalipwa. Mzigo ukapanda basi, asubuhi nikaupokea stendi. Maboksi yaling'aa, nailoni haijaguswa. Nikaita vijana, tukafungua pale pale, tukacheza mpaka usiku. Nilijiona nimeula.

Wiki ya tatu mchezaji akaanza kukimbia mwenyewe uwanjani bila kuguswa, kila mara upande wa kushoto. Wiki ya tano alama ya duara ikafutika kwenye pedi mbili, ikabaki kitufe cheusi kitupu. Mwezi wa pili pedi moja ikagoma kushika chaji kabisa. Wateja wangu wanalipa mia tano kwa mechi, na mtu akifungwa kwa sababu ya pedi hakulipi, na yuko sahihi. Wengine wakahamia banda la Kabwe. Nilipompigia muuzaji aliniambia vijana wangu wanabonyeza kwa nguvu. Baadaye namba yake haikupatikana tena.

Ndipo nilipozipeleka zote sita kwa fundi wangu wa simu, pamoja na pedi yangu ya kwanza kabisa, ile iliyokuja na mashine mwaka 2017 na mpaka leo inafanya kazi. Tukaziweka mezani, moja halali na sita za mashaka. Alichonionyesha siku ile ndicho ninachokupa hapa, na ninakuomba ukishike.

Alianza na mshono, yaani pale kava la mbele linapokutana na la nyuma. Kwenye pedi yangu ya zamani alipitisha ukucha kuanzia chini ya kitufe cha L2, akashuka mpaka ncha ya mkono wa pedi, akarudi upande wa pili. Ukucha haukukwama popote. Mstari ni mwembamba na upana wake ni ule ule njia nzima. Kwenye zile sita ukucha ulikwama kwenye ncha za mikono, kwa sababu kulikuwa na ukingo mkali wa plastiki iliyobaki kwenye kalibu na haikusafishwa. Pedi mbili ukizielekeza kwenye taa ungeona mwanya unaokaribia kuingiza karatasi. Ukiikamua pedi kwa mikono miwili, inalia.

Lakini hapa sikiliza vizuri, maana wengi wanaishia kwenye mshono na wanakosea. Pedi halali iliyowahi kufunguliwa na fundi mwenye haraka inaweza kuwa na mwanya pia, labda waya wa betri umebanwa katikati au ndoano ya plastiki imevunjika. Na pedi feki inaweza kuvalishwa kava zuri. Mshono unakuambia uulize zaidi. Hukumu bado.

Kisha vitufe. Chukua pedi halali ya DualShock 4, iinamishe chini ya mwanga, uangalie pembetatu ya kijani. Utaona alama iko ndani, chini ya plastiki angavu, kama kitu kilichozama kwenye maji kidogo. Kidole chako hakiigusi kamwe, ndiyo maana pedi yangu ina miaka yote hii na alama zote nne zipo. Kwenye zile sita, alama ilikuwa rangi iliyopigwa juu ya kitufe. Fundi alilowesha pamba kwa spiriti, akasugua mara kama kumi, na msalaba wa bluu ukahamia kwenye pamba. Nilimwangalia tu. Laki mbili na sabini.

Akageuza pedi. Nyuma ya pedi halali neno SONY limezama kwenye plastiki yenyewe, herufi zina kingo safi, na chini kuna lebo yenye namba ya modeli inayoanza na CUH-ZCT. Zangu zilikuwa na neno hilo pia, lakini kingo zake zilikuwa za mviringo, kama sabuni iliyotumika. Tukaenda hata kwa mnunuzi wa dhahabu anayepokea mzigo wa Chunya, akatupimia kwenye mizani yake. Pedi yangu ya zamani ilisoma gramu 211, na uzito uliotangazwa na kampuni ni kama gramu 210. Nyepesi kuliko zote katika zile sita ilisoma 178.

Sasa ndani, maana ndiko siku hizi wauzaji wanakotudanganyia.

Pedi ya PS4 inafunguliwa kwa skrubu nne za nyuma, bisibisi ndogo ya nyota inatosha. Usivute kava la nyuma kwa pupa, kuna utepe mwembamba unaounganisha bodi kubwa na kibodi kidogo cha chaji na taa kilichobaki kwenye kava. Ukishautoa utaona betri juu ya kibebeo cheusi. Kwenye halali betri imeandikwa LIP1522 na uwezo wake ni 1000 mAh. Ondoa betri na kibebeo, na kwenye bodi kubwa tafuta maandishi yanayoanza na JDM. Kibodi cha chaji nacho kina yake yanayoanza na JDS. Angalia pia mota mbili za mtetemo: uzito wa kushoto ni mkubwa kuliko wa kulia. Na vitufe havigusi bodi moja kwa moja, vinabonyeza karatasi laini ya plastiki yenye nyaya zilizochapwa, ambayo ncha yake inakandamizwa kwenye bodi.

Zangu sita hazikuwa na JDM popote. Betri tatu hazikuwa na maandishi yoyote. Mota zilikuwa pacha, ndogo zote mbili. Vitufe viligonga bodi moja kwa moja, na kuzunguka nyaya kulikuwa na madoa ya kahawia yanayonata, mabaki ya kulehemu kwa mkono bila kusafisha. Fundi hakusema kitu. Alinirudishia skrubu kwenye kifuniko cha soda.

Baadhi yenu mtaniambia kompyuta inatosha, unaichomeka na kusoma namba za kifaa. Haitoshi. Pedi halali ya toleo la pili inasoma hivi:

```
VID_054C&PID_09CC
```

Na mbili kati ya zile feki zangu zilisoma hivyo hivyo, herufi kwa herufi. Namba hiyo inaandikwa tu ndani ya chipu, na anayetengeneza feki anaweza kuiandika.

Turudi kwa kijana wa Njombe. Picha ya kwanza ilionyesha pedi kwa mbele, mshono haukusomeka kwa sababu ya kivuli. Ya pili vitufe, vimepigwa kwa mbali. Ya tatu nyuma, na nilipoikuza nikasoma lebo: CUH-ZCT1E. Ya nne betri, LIP1522, safi. Ya tano bodi, picha nzuri sana, imepigwa kwenye meza nyeupe, na maandishi yake yalisomeka bila shida: JDM-055.

Hapo ndipo mchezo ulipoisha. ZCT1 ni toleo la kwanza, lile la mwaka 2013, na bodi zake zinaanzia JDM-001 na kuishia JDM-030. Toleo la pili, ZCT2 la mwaka 2016, ndilo lenye JDM-040, JDM-050 na JDM-055. Unaweza kuyatofautisha hata bila kufungua, kwa sababu toleo la pili lina mstari mwembamba wa taa unaoonekana juu ya kibao cha kugusa, na la kwanza halina. Kibao kwenye picha ya kwanza hakikuwa na mstari huo. Kwa hiyo kava lilikuwa la ZCT1 na bodi ilikuwa ya ZCT2. Bodi ile ni halali, sina shaka nayo. Ila ilitoka kwenye pedi nyingine, pengine hata mkoa mwingine.

Ndugu zangu wenye mabanda, wa Mafinga, wa Tukuyu, wa Makambako, nawaomba tuache kufurahia picha ya ndani kwa sababu tu ni ya ndani. Picha ya bodi peke yake ni picha ya bodi, haikuambii inaishi kwenye kava gani. Mwambie muuzaji aifungue pedi, alaze kava la nyuma lenye lebo kando ya bodi, aweke karatasi yenye jina lako na tarehe ya leo katikati, na vyote viwe kwenye picha moja. Fundi wa kweli anaifanya kazi hiyo kwa dakika kumi. Na tuache pia kuwaonea haya wauzaji. Mimi niliona haya kuuliza, nikadhani nitaonekana mshamba wa mkoani, na aibu ile ikanila kodi ya miezi mitatu.

Kijana alimwandikia muuzaji maneno hayo hayo niliyomtumia. Jibu likaja baada ya nusu saa: "Kama hutaki acha, wateja wapo." Akaacha.

Ijumaa akanitumia picha nyingine, kutoka kwa fundi wa hapo hapo Njombe mjini. Lebo CUH-ZCT2E, bodi JDM-040, kibodi cha chaji JDS-040, na jina lake limeandikwa kwa kalamu nyekundu kwenye kipande cha daftari. Mshono ulikuwa na mwanya mdogo upande wa kulia, fundi akakiri ndoano moja ilivunjika alipobadilisha analogi. Bei elfu themanini na tano. Nikamwambia aombe ipungue elfu tano kwa ajili ya ndoano, kisha alipe. Akalipa themanini.