Sampuli ya vipimo vya kabla na baada: mkengeuko upi?

“Napima presha ya wagonjwa kabla na baada ya miezi mitatu ya kupunguza chumvi. Makala niliyosoma inatoa mkengeuko sanifu wa 15. Nahitaji watu wangapi?”

Ndugu, hiyo 15 ni tofauti kati ya mtu na mtu. Wewe unahitaji mkengeuko wa tofauti zenyewe: kwa kila mgonjwa toa baada kwenye kabla, kisha tafuta mkengeuko wa majibu hayo. Kama makala haiutoi, ukadirie kwa uhusiano wa vipimo viwili, r:

```
SDd = sqrt(15² + 15² − 2·r·15·15)
n = ((1.96 + 0.84)·SDd / d)²
```

Hapo nguvu ya utafiti ni 80%, na d ni badiliko dogo kabisa lenye maana kitabibu. Tuseme 5 mmHg. Ukiwa na r ya 0.6, SDd ni 13.4 na n ni 57. Ongeza wawili, maana sampuli ndogo hutumia jaribio la t. Lakini r ikishuka hadi 0.3, wanafika 99! Kwa hiyo pima kwanza kikundi kidogo cha majaribio, kwa muda uleule wa miezi mitatu, kwani vipimo vya wiki moja hufanana mno. Wakitoroka 15%, gawanya 59 kwa 0.85: anza na 70.

Bila kikundi linganishi utadhani ni chumvi, kumbe presha hushuka yenyewe kwa waliochaguliwa ikiwa juu. Hilo mwone mtakwimu kabla ya kuomba kibali.