Usiandike "final", andika namba

Ilikuwa Ijumaa, tuko ofisini Upper Hill, na mfadhili alitaka bajeti ya mradi wa maji imfikie kabla ya saa kumi na moja jioni. Jumatatu ya wiki hiyo mhasibu wetu alikuwa amenitumia `Bajeti_final.xlsx`, jumla yake Ksh 4,860,000. Alhamisi tukakubaliana kuondoa gari la kukodi la Ksh 645,000, jumla ikashuka hadi Ksh 4,215,000, naye akanitumia faili upya kwa jina lilelile. Nilipoipakua, kivinjari kilikuta jina hilo lina mwenyewe, kikaiita faili mpya `Bajeti_final (1).xlsx`.

Ijumaa jioni niliziona faili mbili zimekaa pamoja. Moja ina jina safi, nyingine ina mabano kama nakala iliyojipakua kwa bahati mbaya. Nikaambatisha yenye jina safi, na gari tulilolifuta likaenda kwa mfadhili.

Wengi wataniambia ningeangalia tarehe. Niliangalia, na tarehe ndiyo iliyonipoteza kabisa. Bajeti ya Jumatatu ilikuwa na `=TODAY()` pale juu, na fomula hiyo hujihesabu upya kila faili inapofunguliwa. Asubuhi ya Ijumaa niliifungua nisome mstari mmoja tu. Nilipoifunga, Excel ikaniuliza kama nataka kuhifadhi mabadiliko, ingawa sikuwa nimegusa chochote. Nikakubali. Tangu hapo faili ya zamani ilionyesha tarehe ya Ijumaa na ile sahihi ikaonyesha ya Alhamisi. Kwa hiyo ukiona mabano yenye namba kwenye folda ya vipakuliwa, jua kwamba kwa kawaida hiyo ndiyo iliyopakuliwa baadaye. Na tarehe ya kuhifadhiwa inakuambia faili ilihifadhiwa lini, basi. Haikuambii nani alibadilisha nini.

Baada ya hapo tulikaa watu watatu, mimi, mhasibu na mkurugenzi, tukaondoa neno "final" kwenye majina ya faili zetu. Neno hilo linatabiri jambo ambalo anayeliandika hana uwezo wa kulijua: kwamba hakuna atakayebadilisha kitu tena. Rasimu zetu sasa zinaitwa hivi:

```
Bajeti_Kitui_v03.xlsx
Bajeti_Kitui_v03_mhasibu.xlsx
Bajeti_Kitui_v03_mkurugenzi.xlsx
Bajeti_Kitui_v04.xlsx
```

Sifuri iliyo mbele ya 3 ina kazi. Mahali ambapo majina hupangwa herufi kwa herufi, v10 hukaa juu ya v2, na anayechukua faili ya chini kabisa akidhani ni mpya hupotea. Tarehe hatuweki kwenye rasimu, kwa sababu siku yenye shughuli tunaweza kuwa na rasimu tatu kabla ya chakula cha mchana, na zote zingebeba tarehe moja.

Lakini kinachotuokoa zaidi ni mistari miwili ya katikati. Zamani nikituma v03 kwa watu wawili, kila mmoja alirekebisha yake na kuirudisha kama v04. Basi tukawa na v04 mbili, moja ina mshahara uliosahihishwa na nyingine ina bei mpya ya mabomba, na hakuna hata moja iliyo kamili. Yeyote aliyeshika mojawapo aliamini anayo ya karibuni, na hakuwa amekosea. Kwa hiyo tukaweka kanuni kwamba namba hupandishwa na mtu mmoja tu, yule anayeitunza faili. Wengine wote huongeza cheo au jina lao mwishoni na kuacha namba ilivyo. `v03_mhasibu` maana yake ni maoni ya mhasibu juu ya v03, si toleo jipya. Mtunzaji huzifungua zote mbili, huingiza marekebisho, kisha ndipo huandika v04 na kuituma kwa wote.

Mwanzoni mhasibu hakupendezwa. "Sasa dada, mimi nikibadilisha namba ya mabomba, kwa nini faili isiwe mpya?" Nilimwonyesha v04 zetu mbili za mwezi uliopita, nikamwomba aniambie ipi ndiyo yenyewe. Alizifungua zote, akazilinganisha mstari kwa mstari, akasema tuendelee na utaratibu huo.

Kuidhinisha nako kuna lugha yake. Mkurugenzi haandiki "ile ya mwisho iko sawa", maana ya mwisho kwake ni ile aliyofungua mwisho kwenye simu yake. Huandika "Nimeidhinisha v06." Tukigundua kosa baada ya hapo, hata nukta moja, faili inakuwa v07 na inarudi kwake. Watu huona hiyo ni kusumbuana, lakini ukishasahihisha ndani ya v06 bila kubadilisha namba, kuna v06 mbili duniani na idhini moja, na huwezi tena kusema idhini ilikuwa ya ipi.

Ikishaidhinishwa, v06 inatolewa kama PDF na kuwekwa kwenye folda iitwayo `Iliyotumwa`. Hapo ndipo tarehe inaingia, mwaka ukitangulia ili majina yajipange kwa mfuatano:

```
Bajeti_Kitui_2025-03-14.pdf
```

Mwaka kwanza pia huondoa ubishi wa 03-04, kama ni tarehe tatu Aprili au tarehe nne Machi. Kabla ya kuitoa PDF, kwenye sehemu ya chini ya ukurasa wa Excel tunaweka alama `&[File]`, ambayo huchapisha jina la faili yenyewe. Hivyo kila ukurasa wa PDF unabeba maandishi `Bajeti_Kitui_v06.xlsx`. Mtu akikutana na karatasi mezani miezi sita baadaye, anajua ilitoka kwenye rasimu gani bila kuuliza mtu. Kwenye Word kuna sehemu ya `FileName` inayofanya kazi kama hiyo, ila huenda isijibadilishe ukihifadhi faili kwa jina jipya. Bofya juu yake ubonyeze F9, la sivyo v06 itatembea ikijiita v05.

Kama mnaandika pamoja kwenye Google Docs, namba hizi hazihitajiki wakati wa kuandika. Faili ni moja, na toleo lililoidhinishwa unaweza kulipa jina kupitia `File > Version history > Name current version`. Ila mtu akishalipakua, hiyo ni nakala iliyokatika na haitafuata marekebisho yanayoendelea kule. Kuanzia hapo inahitaji namba kama faili nyingine yoyote.

Siku ya kutuma, naambatisha kutoka `Iliyotumwa` peke yake, kamwe si kutoka folda ya vipakuliwa. Nikishaambatisha naifungua kutoka ndani ya barua pepe yenyewe, nasoma namba iliyo chini ya ukurasa, kisha natazama jumla. Halafu naandika: "Nimeambatisha bajeti ya Kitui, imetokana na v06, jumla Ksh 4,215,000." Mfadhili akifungua akakuta tarakimu nyingine, atanipigia kabla hajaipeleka kwenye kamati yake.