Barua ya shule: mtoto mwenye kisukari cha aina ya kwanza

"Mwanangu yuko Gredi ya 3 hapa Kisumu, anadungwa insulini. Niwaandikie walimu nini?"

Dada, anza na sukari kushuka, maana hiyo haingoji utoke kazini. Barua yangu ya kwanza kuhusu mwanangu ilisema tu "akizidiwa mpeni kitu kitamu." Mwalimu akamtuma ofisini peke yake akitetemeka, akaanguka njiani. Ya pili niliandika hivi:

"Akitetemeka, akitokwa jasho, akiwa mkali ghafla au akiduwaa, apimwe papo hapo alipoketi. Mashine ikisoma chini ya 4.0, au ikikosekana, na bado anaweza kumeza, mpeni vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye nusu glasi ya maji. Baada ya dakika 15 mpimeni tena; ikiwa bado chini, rudieni. Ikipanda, ale kipande cha mkate. Asiachwe peke yake. Akizimia au akishikwa na degedege, msimtie chochote mdomoni. Mlazeni ubavu, mkimbizeni hospitali, mnipigie mkiwa njiani. Msimdunge insulini."

Taja kwamba chokoleti haifai hapo, kwa kuwa mafuta yake huchelewesha sukari kuingia damuni. Mkebe wa sukari ukae darasani, si ofisini.

Kuhusu vitafunio, andika saa zake na kwamba asinyimwe hata akiadhibiwa. Apimwe pia kabla ya michezo, akiwa amenawa mikono: maji ya embe kidoleni hupandisha namba, na sukari iliyoshuka itaonekana nzuri. Mwombe daktari wake aisome barua na kuitia sahihi.