Printa isiyoonekana kwa waya wa USB: anza na waya, malizia na mipangilio ya umeme

*"Printa ilikuwa inachapa vizuri, sasa kompyuta haiioni kabisa nikichomeka USB. Nimeshaweka draiva upya mara mbili. Tatizo ni nini?"*

Ndugu, iache draiva kwanza. Fungua Device Manager, kisha chomoa waya wa printa na kuuchomeka tena huku ukitazama orodha. Orodha isipotikisika hata kidogo, kompyuta haijapata habari kwamba kuna kitu kimechomekwa, na hapo draiva haihusiki. Yakitokea maneno "Unknown USB Device (Device Descriptor Request Failed)", kompyuta imehisi kifaa lakini mazungumzo yamekatika njiani, na mara nyingi chanzo ni waya au tundu.

Waya ujaribiwe kwa kuubadilisha, kwa sababu kuutazama kwa macho hakutoshi. Azima ulio mfupi unaofanya kazi kwenye printa nyingine. Kikomo cha kawaida cha waya wa USB 2.0 ni mita 5. Kagua pia ile ncha ya mraba inayoingia kwenye printa, kwani ikicheza tunduni, printa huonekana na kupotea kila meza inapoguswa.

Kisha hamia tundu lingine, na kwa kompyuta ya mezani tumia matundu ya nyuma, ambayo yako kwenye ubao mkuu wenyewe, ilhali ya mbele hupitia waya mwingine wa ndani. Kama kuna kigawanya matundu katikati, kiondoe. Printa ina umeme wake, lakini kigawanya kisicho na adapta hugawa umeme wa tundu moja kwa vyote vilivyochomekwa, na diski ya nje ikiwa hapo hapo, chenyewe kinaweza kuyumba.

Katika duka moja la steshenari ninalolihudumia, hayo yote yalikuwa sawa, ila printa ilipotea kila baada ya kukaa kimya kwa muda na kurudi waya ulipochomolewa na kuchomekwa. Dalili hiyo karibu kila mara huelekeza kwenye kubana umeme. Nilifungua Power Options, nikaingia Change plan settings, Change advanced power settings, USB settings, na kuiweka USB selective suspend setting kuwa Disabled. Halafu, katika Device Manager, kwenye kila USB Root Hub, nilifungua Power Management na kuondoa alama kwenye "Allow the computer to turn off this device to save power". Baada ya hapo printa haikupotea tena. Katika baadhi ya laptopu mpya mpangilio ule wa kwanza umefichwa. Huu wa pili ukiwepo, utumie.

Ikishindikana bado, ipeleke printa na waya ule mzuri kwenye kompyuta nyingine. Isipoonekana huko pia, tundu la printa au ubao wake wa ndani ndio mbovu, na hiyo ni kazi ya fundi.